Nimekuachilia, Sijakuacha

Leo nakupa ya nyumbani kwangu, na mama watoto ameniruhusu.

Mwaka juzi nilichukua shilingi 18,000 za karo nikamkopesha rafiki, bila kumwambia mke wangu. Rafiki hakurudisha. Mtoto alipofukuzwa shule, siri ikatoka. Nikamwambia, "Sori, mama." Akajibu, "Haya, yaishe." Nikala, nikalala.

Kumbe hayakuisha. Wiki tatu chakula kilipikwa na nguo zikafuliwa, lakini tulizungumza habari za chumvi na tokeni za stima tu. "Yaishe" hufunga mdomo, haifuti deni. Na hiyo "sori" yangu, mpendwa, ndiyo ile tunayompa mtu tuliyemkanyaga kwenye feri ya Likoni. Hata "pole" isingenisaidia. Pole humhurumia aliyeumia bila kusema nani kamuumiza, kana kwamba kosa langu lilikuwa mafua yaliyompata mwenyewe.

Jioni moja nikakaa naye kibarazani. "Nisamehe. Nilichukua karo, nikakuficha, ukaaibika mbele ya mwalimu." Akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Nimekuachilia."

Moyo ulinipasuka! Mimi ni mtoto wa Likoni. Huku kwetu mume na mke wakitajiana neno la kuacha, wa kwanza kufikiriwa ni talaka. Nikamuuliza, "Waniacha?" Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Yeye ni Mkamba, na kwao kusamehe ni *kuekea*, neno linalotokana na *kueka*, yaani kuacha. Unamwachia mtu kile ulichokuwa unamdai. Alifikiri kwa Kikamba akasema kwa Kiswahili, nami nikasikia kwa Kipwani.

Usiku huo nilirudi kwenye Kigiriki changu kidogo. Neno la kusamehe katika Mathayo 6:12, pale penye habari za deni, ni *afiemi*: kuachilia, kuacha kiende. Na Paulo anapomwambia mume asimwache mkewe, 1 Wakorintho 7:11, anatumia neno hilo hilo! Kwa hiyo hofu yangu haikuwa ya kijinga sana. Mkono ule ule unaweza kuachilia kosa au kumwachilia mtu mwenyewe, na kwa maneno matupu huwezi kujua ni kipi. Ndiyo maana nakushauri, ukimsamehe mwenzio, taja unachokiachilia: "Nimekusamehe ile karo, na kule kunificha." Asibaki akikisia.

Asubuhi nikamuuliza mke wangu ameachilia nini hasa. Akasema, "Uwongo nimeuachilia, sitautaja tena. Pesa bado nakudai."

Nililipa kwa miezi 5. Ule uwongo hajautaja hata siku moja, hata tulipogombana kwa mengine. Lakini PIN ya M-Pesa ya karo anaijua yeye peke yake mpaka leo, nami sijaiomba.