Walisema Hawanaye

Mdogo wangu alichukuliwa Ijumaa jioni nje ya kinyozi, hapa Mombasa. Baadhi ya waliomchukua walivaa sare za polisi, wengine nguo za kiraia. Hadi leo gari likisimama ghafla nje ya nyumba usiku, mwili wote hunitetemeka.

Kituoni walisema hawanaye. Tukaomba waangalie kitabu cha OB. Hayumo. Tukaenda kituo kingine. Hayumo. Mama alikaa mkekani akivuta tasbihi. Hakula. Mimi nikaanza kupita mochari. Wakanifunulia shuka. Si yeye. Wakanifunulia nyingine. Si yeye. Nikatoka nje, nikatapika.

Ami akatupeleka kwa wakili. Alitueleza kwamba Katiba ya Kenya inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, basi kabla ya siku ya korti inayofuata kumalizika. Kwetu ilikuwa Jumatatu. Jumatatu ikapita kimya. Ndipo akaandika ombi la habeas kopasi: Jaji wa Mahakama Kuu awaamuru waliomshika wamlete mbele yake, waseme wanamzuilia kwa sheria gani. Kifungu cha 51 kinampa aliyezuiliwa haki hiyo, na kifungu cha 22 kilituruhusu sisi jamaa kwenda kortini kwa niaba yake, bila kutozwa ada ya kufungua kesi.

Lakini wakili alituambia ukweli. Polisi wakiapa kwamba hawanaye, na wewe huna wa kuthibitisha kuwa walimchukua, jaji hana amri ya kutoa. Maombi mengi hukwama hapo. Baada ya Mungu, aliyetuokoa ni mama muuza viazi karai aliyeona yote. Aliogopa, naye ana watoto. Mama yangu alikwenda kukaa naye, wakalia pamoja. Asubuhi akaja kula kiapo: saa, mahali, rangi ya gari na nambari yake.

Jaji alipokea ombi kwa dharura, akaamuru aletwe kesho yake.

Akaletwa. Mguu umevimba. Hai. Alhamdulillahi, hai.

Wakili wa serikali hakuwa na shtaka lolote mkononi, na jaji akaamuru aachiliwe palepale. Lau wangekuwa wamekwisha kumshtaki, tungebaki kuomba dhamana tu, maana ombi hili haliamui kama mtu ana hatia. Linauliza tu kama kumzuilia ni halali.

Ndugu yangu ambaye wako hajarudi, mtafute leo aliyeona. Andika saa, mahali na nambari ya gari kabla watu hawajasahau. Piga ripoti kituoni kwamba ametoweka, na usitoke bila nambari ya OB. Siku ya korti ikipita hajafikishwa, nenda Mahakama Kuu.