Udongo wa Wazo na Wale Niliowaita Wafu

Nimekulia Wazo, chini ya kilima cha saruji, ambako kiangazi kikikolea majani ya miembe huwa meupe kwa vumbi. Udongo wetu ni wa chokaa. Tangu utotoni niliwasikia wakubwa wakisema ardhi hii haina kitu, na maneno hayo nikayabeba mpaka kazini.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya vijidudu. Kazi yangu na udongo ilikuwa ile ile niliyofundishwa chuoni: pima gramu moja, koroga kwenye maji yaliyopitishwa kwenye otoklevu, zimua, pakaza kwenye sahani ya agari, weka kwenye inkubeta, kisha hesabu madoa yaliyoota. Kisichoota, hakipo. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha vijana waliokuja mafunzo kwa vitendo.

Binti mmoja wa mafunzo ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa ametia rangi ya kung'aa kwenye tone la maji ya udongo na kulitazama kwa hadubini. Akaniita: "Mwalimu, mbona hapa wapo wengi hivi, na kwenye sahani hawaonekani?" Nikamjibu bila hata kuinuka kwenye kiti kwamba hao ni wafu. Hakunibishia. Siku chache baadaye aliniletea makala aliyoichapisha kwa hela yake, akaiweka mezani kwangu, akaenda zake. Sikustahili upole ule.

Makala ilikuwa ya jarida la Nature, Januari 2015. Ilieleza kuwa sahani zetu huotesha takriban asilimia 1 tu ya bakteria wa udongo. Wengi wa waliobaki wako hai, ila hawapati wanachokihitaji. Mwaka 2002, Slava Epstein na Kim Lewis wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, pamoja na mwenzao Kaeberlein, walionyesha njia nyepesi ya kuwafikia: badala ya kumletea bakteria chakula cha maabara, mwache alipo, umzungushie ukuta unaopitisha chakula. Walichukua pete ya chuma, wakagandisha chini yake utando wenye vitundu vya mikromita 0.03, wakajaza agari iliyochanganywa na bakteria wachache, wakafunika juu kwa utando wa pili, kisha wakaiweka juu ya mchanga wa bahari walikotoka bakteria hao. Ni kama chandarua: hewa inapita, mbu hapiti. Chumvi, vitamini na harufu za majirani zinaingia, bakteria hatoki wala mgeni haingii.

Nilisoma usiku mzima. Kilichonichoma zaidi ni suala la majirani. Mwaka 2010, kundi hilo la Boston lilionyesha kuwa baadhi ya bakteria wa ufukweni hawawezi kujitengenezea molekuli za kunasia chuma, hutegemea zile zinazotolewa na wenzao. Ukimtenga kwenye sahani, hata umwekee lishe ya kifahari, anakaa bila kuzaa. Nikawaza udongo wetu wa Wazo. Kwenye chokaa, madini ya chuma huwa yameganda na hayayeyuki kirahisi. Basi hapa kwetu kutegemeana huko huenda kukawa kukubwa zaidi. Hilo ni wazo langu tu, sijalithibitisha.

Tukaanza, mimi na yule binti. Pete tulizipata kwa fundi wa vyuma Tegeta, ni washa za kawaida. Utando ulitoka kwa mtafiti mmoja aliyekuwa na akiba na akatugawia bure, naye hakuwa ananifahamu. Udongo tuliuchota nyuma ya nyumba yetu, chini ya mwembe.

Agari ndiyo ilinipa shida. Ikiwa ya moto sana unawaua bakteria, ikipoa sana inaganda mkononi kabla hujamimina. Inatakiwa iwe karibu nyuzi 45. Nilijifunza kuigusisha chupa ndani ya kiwiko cha mkono: ukiweza kuivumilia, mimina. Na agari yenyewe ni maskini, wanga kidogo na protini kidogo, kwa sababu hawa ni viumbe waliozoea njaa.

Kisha tukaweka pete juu ya udongo wenye unyevu ndani ya beseni, tukafunika kwa kitambaa chenye maji, tukasubiri. Kusubiri kwenyewe ni kwa wiki, kwa joto hili letu beseni linakauka usipoliangalia asubuhi na jioni, na agari ikikauka hujinyofoa ukingoni mwa pete. Hapo hakuna tena kinachopenya.

Pete nyingine tulizijaza agari tupu, bila bakteria yeyote. Usizidharau hizo. Mara ya kwanza tulipozifungua tulikuta madoa kwenye pete tupu pia. Kumbe gundi ya silikoni ilikuwa na mwanya na bakteria wenye mikia walikuwa wamejipenyeza. Furaha yote ya zile pete nyingine ikafutika palepale. Tulisafisha chuma kwa spiriti, tukasubiri gundi ikauke kabisa, tukarudia.

Gundi iliposhika vizuri, pete tupu zikabaki tupu. Kwenye zile zilizopandwa, chini ya hadubini, palikuwa na vijidoa vidogo ambavyo macho peke yake hayavioni, vimetawanyika kwenye agari. Nilimwita yule binti aangalie kwanza. Wale niliowaita wafu walikuwa wamezaa.

Usidhani kazi iliishia hapo. Vijidoa hivyo tulivichomoa kwa sindano tukavipeleka kwenye sahani, na vingi vilikataa. Inabidi uvirudishe kwenye pete mpya, na tena, mpaka baadhi vizoee sahani. Vilivyozoea tulivimwagia juu agari yenye stafilokoko. Vichache vilizungukwa na duara safi, mahali ambapo stafilokoko hakuota. Duara hilo linatia mtu wazimu wa furaha, lakini halisemi dawa ni mpya. Bakteria wa udongo wanaotengeneza antibiotiki zinazojulikana tangu zamani ni wengi mno, na bila kipima uzito wa molekuli huwezi kutofautisha. Sampuli zetu ziko kwenye friza zikisubiri kipimo hicho.

Wa Boston walifika mbali. Kwa kibao chenye mamia ya matundu, kila tundu likikusudiwa bakteria mmoja, waliotesha karibu nusu ya waliowapanda. Wakapima aina kama 10,000, na kwenye udongo wa shamba la nyasi huko Maine wakampata Eleftheria terrae, anayetengeneza teiksobaktini. Dawa hiyo inashika vijenzi vya mafuta ambavyo bakteria hutumia kujenga ukuta wake, na kwenye majaribio yao stafilokoko na kijidudu cha kifua kikuu havikuzaa kizazi sugu. Mipaka yake nayo ipo: bakteria wengi wenye utando wa nje, kama wale wa kuhara na wa njia ya mkojo, inawapita. Na mpaka leo huwezi kuinunua duka lolote la dawa.

Wewe unayefanya kazi na sahani kama nilivyokuwa mimi, nakuomba jambo moja. Sahani za udongo usizitupe kesho yake. Zizungushie plastiki zisikauke, ziache mwezi mzima, uzitazame kwa hadubini. Na kijana akikuuliza swali, inuka kwenye kiti.