Mjane Mbele ya Sheria Tatu

Katika Tanzania Bara mke aliyetalikiwa na mke aliyefiwa husimama mbele ya sheria kwa namna mbili zilizo mbalimbali. Mtalikiwa hukuta sheria moja iliyoandikwa kwa ajili ya watu wote, iwe ndoa yake ilifungwa msikitini, kanisani, bomani, au mbele ya wazee wa koo mbili. Mjane hukuta sheria tatu, na kabla hajajua fungu lake hapana budi ijulikane kwanza ni ipi itakayosema. Jambo hili ni geni kwa fikira, kwani mke ni yule yule, nyumba ni ile ile, na jasho lililoijenga ni lile lile. Ili chanzo chake kionekane, yafaa kutazama kwanza kila sheria inaichukuaje ndoa, maana fungu la mjane aghalabu hufuata sura ya ndoa iliyomfanya mke.

Sheria ya Kiislamu huihesabu ndoa kuwa ni mkataba baina ya watu wawili. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba yake wala ya ukoo wake. Hata kama hayakulipwa yote siku ya harusi, sehemu iliyobaki ni deni juu ya mume, na mume akifa deni hilo hulipwa katika mali yake kabla warithi hawajagawana kitu. Mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba huiona ndoa kuwa ni fungamano la koo mbili. Mahari hutoka upande wa mume yakaenda kwa baba wa mke na jamaa zake, na watoto huwa wa ukoo wa baba. Mke huingia katika nyumba ya ukoo huo akailisha na kuizalia, walakini yeye mwenyewe habadiliki kuwa damu yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuja na wazo la tatu. Kwa sheria hiyo ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na kutolipwa mahari hakuibatilishi. Ndoa huweza kuwa ya mke mmoja au ya wake wengi, walakini kila mke ana uwezo wa kumiliki mali yake kwa jina lake.

Sasa na achukuliwe mtu mmoja wa mfano. Amekufa bila wasia, wazazi wake wamekwisha kutangulia, ameacha mke mmoja, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja. Madeni na gharama za maziko zimekwisha kulipwa, na mali iliyobaki, nyumba na fedha, ina thamani ya shilingi 24,000,000. Kando ya hiyo liko shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake.

Akihukumiwa kwa sheria ya Kiislamu, mjane hupata thumuni, kwa sababu marehemu ameacha watoto. Kama hangalikuwa na mtoto, mjane angalipata robo. Thumuni ya mali hiyo ni shilingi 3,000,000. Zinazobaki ni 21,000,000, na mwanamume hupata mafungu mawili ya mwanamke. Basi kijana atachukua 14,000,000 na dada yake 7,000,000. Fungu la mjane ni dogo, na wajane wakiwa wawili au zaidi hugawana thumuni ile ile moja. Hata hivyo lina sifa moja kubwa: limekatwa katika Kurani, na hapana shemeji wala mwana awezaye kulifuta. Wasia nao hauwezi kupita theluthi ya mali, wala hauwezi kumwongezea mrithi mmoja bila ridhaa ya wenzake.

Akihukumiwa kwa sheria iliyoandikwa, sheria yenyewe ni ya ajabu kwa asili yake. Ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na utawala wa Kiingereza. India yenyewe iliibadili mwaka 1925, ilhali Tanganyika ilibaki na ile ya kale. Kwa sheria hiyo mjane mwenye watoto hupata theluthi moja, na theluthi mbili huwa za watoto wote sawasawa, bila kutazama nani wa kiume na nani wa kike. Basi mjane atapata shilingi 8,000,000, kijana 8,000,000 na binti 8,000,000.

Akihukumiwa kwa mila, hesabu haianzi na mjane hata kidogo. Mila za makabila ya ukoo wa baba zilikusanywa zikatangazwa mwaka 1963 kwa amri ya serikali, zikatumika wilaya kwa wilaya kwa idhini ya halmashauri. Amri hiyo iliwapanga warithi kwa daraja: mwana wa kiume wa kwanza ndiye wa daraja la kwanza, wana wa kiume wengine ni wa daraja la pili, na mabinti ni wa daraja la tatu. Shamba la ukoo binti huweza kulitumia maisha yake, walakini hawezi kuliuza, isipokuwa ukoo umeishiwa na wanaume. Ama mjane, kanuni ya 27 ilisema kwamba hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Kanuni hii ina mantiki yake katika kijiji ambamo mali ni shamba na mwana hawezi kumfukuza mama yake machoni pa wazee. Ikihamishwa na kupelekwa kwenye nyumba ya mjini yenye hati, matunzo hubaki neno tupu, na nyumba huuzwa.

Mke huyo huyo kama angalitalikiwa mwaka mmoja kabla ya kifo, mambo yangalikuwa mengine. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na mume na mke kwa jitihada zao za pamoja. Kiliitaka itazame mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni, na mahitaji ya watoto wadogo, kisha ielekee kwenye usawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Katika shauri hilo mke hakuongezewa kitu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupewa fedha za kuanzisha biashara ya nyumba yao akazitumia vibaya. Bali kanuni yenyewe ilisimama. Kifungu cha 114, hata hivyo, husema juu ya talaka na utengano, hakisemi juu ya kifo. Na kifungu cha 60 hudhani kwamba mali iliyoandikwa jina la mume ni ya mume, mpaka ithibitishwe vingine. Basi mke aliyejenga nyumba pamoja na mumewe, jina likaandikwa moja, kifo kinaweza kumpa pungufu kuliko talaka. Ndiyo maana majina mawili katika hati moja humlinda mjane kuliko ushahidi mwingi wa baadaye, kwani hapo nusu yake hudhaniwa kuwa yake mwenyewe wala haiingii katika urithi.

Huenda ikaulizwa: ni nani achaguaye miongoni mwa sheria hizi tatu? Hachagui mjane. Mahakama hutazama maisha ya marehemu: alifunga ndoa ya namna gani, aliishi wapi, alishika dini na mila kwa kadiri gani, na alisema au kuandika nini juu ya mali yake. Katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi la mwaka 1969, marehemu alikuwa Mngoni na mkewe Mchaga. Mahakama Kuu iliona kwamba maisha yake yalikuwa yameachana na mila za kwao, ikatumia sheria iliyoandikwa. Uchaguzi huu huamua pia mlango wa kuingilia, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya mila na ya Kiislamu tu. Ombi likipelekwa huko na kikao cha ukoo, mila imekwisha kudhaniwa kabla mjane hajafungua kinywa.

Hapo ndipo mambo huharibika, na dalili zake zajulikana. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo hupewa miezi 4 kuleta orodha ya mali katika Fomu ya Tano, na mwisho hutoa hesabu ya mgawanyo katika Fomu ya Sita. Orodha ikikosa nyumba ambayo kila jirani aijua, au mali ikiuzwa kabla ya hesabu kutolewa, msimamizi amejigeuza mrithi. Mjane anaweza kurudi katika mahakama ile ile kupinga, na kuomba msimamizi aondolewe.

Mahakama zenyewe zimejaribu kuinyosha mila, si kwa mkono mmoja. Huko Muleba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wasia wa baba yake aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, alipozeeka bila wa kumtunza. Jamaa wa ukoo alishtaki kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alitamka kwamba mila hiyo yapingana na Katiba. Aliufanya uwezo wa mwanamke kuwa sawa na wa mwanamume, na kumwachia jamaa huyo haki ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei ndani ya miezi 6. Walakini wajane wawili walipoishtaki ile amri ya mwaka 1963, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba mila hizo zina ubaguzi, ikakataa kuzifuta. Rufani yao iliondolewa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikasema kwamba haki zao zimevunjwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilibatilisha mila inyimayo mwanamke ardhi. Bali nyumba, fedha na ng'ombe si ardhi ya kijiji.

Tofauti ya mafungu peke yake si dhuluma. Thumuni, theluthi na matunzo kila moja hutoka katika ndoa ya namna yake, na mwenye kuikubali ndoa huweza kuyajua mapema. Kasoro iko mahali pengine: mwaka 1971 bunge liliiunganisha ndoa tangu kufungwa hata kuvunjwa, likakiacha kifo nje ya mlango. Mke akafanywa mshirika wa mumewe kwa muda wote ambao mume yu hai, na siku ya maziko ushirika ule ukarudishwa mikononi mwa watu ambao hawakuwamo.