Lakabu za Walimu Wetu Katika Shairi la Miaka Ishirini

Hakuna mwanafunzi aliyepita bweni asiyejua kwamba mwalimu huwa na majina mawili: lile aliloitwa na wazazi wake, na lile alilopewa na wanafunzi wake bila ya akika wala mashauri. Jina la pili halisemwi mbele yake. Husemwa nyuma ya jiko, kwenye foleni ya uji, na gizani baada ya taa kuzimwa. Sisi tuliomaliza kidato cha nne mwaka 2004 katika shule moja ya bweni ya Kiislamu tulikutana tena mwezi wa Shawwal 1445, yaani Aprili 2024. Wenzetu walikuwa wametukabidhi, sisi watano, kazi ya kutunga shairi litakalosomwa mbele ya walimu hao hao. Wote walitaka kitu kimoja: zile lakabu ziwemo.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa nzito. Kutunga si tabu sana kwa watu waliolelewa na kaswida na mashairi ya Maulidi. Tulichagua tarbia, beti kumi na mbili, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane, na kibwagizo kimoja ili ukumbi mzima uweze kuitikia. Lakini je, inajuzu kumsomea mtu mzima, mbele ya mkewe na wajukuu, jina la utani alilobandikwa na watoto wa miaka kumi na sita?

Tulianza na Qur'ani. Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza Waumini kuitana kwa majina mabaya. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba aya hiyo iliwashukia Banu Salima wa Madina, ambao kila mtu wao alikuwa na majina mawili au matatu. Mtume (s.a.w.) alipomwita mmoja wao kwa jina fulani, aliambiwa kwamba mtu huyo hukasirika akiitwa hivyo. Basi kipimo cha kwanza tukakipata hapo hapo: anayehukumu ubaya wa lakabu ni mwenye kuitwa, wala si mwenye kuita.

Upande wa pili, zipo lakabu zilizopendwa. Sayyidna Ali (r.a.) aliitwa na Mtume Abu Turab, baba wa udongo, alipokutwa amelala msikitini na udongo umemganda mwilini, naye alilipenda jina hilo kuliko mengine. Na katika wapokezi wa hadithi wamo Al-A'mash, maana yake mwenye macho mabovu, na Al-A'raj, maana yake kiguru. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ameeleza kwamba yafaa kumtaja mtu kwa lakabu ya namna hiyo iwapo ndiyo inayomtambulisha, na haifai ikiwa muradi ni kumdunisha. Akaongeza kwamba ikiwezekana kumtambulisha kwa njia nyingine, hiyo ni bora zaidi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuongoza kazi nzima.

Tukaziandika lakabu zote kwenye daftari, zikafika kumi na saba, kisha tukazigawa mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la maneno ya mwalimu, la pili la matendo yake, la tatu la maumbile yake. Fungu la tatu tukaliweka kando lote. Mafungu mawili yaliyobaki tukayapelekea ombi: mmoja wetu aliwapigia simu walimu mmoja mmoja, akamtajia kila mtu lakabu yake, na kumwuliza kama ana ridhaa. Wawili walikataa, nasi tukayafuta majina yao bila ya kuuliza sababu.

Wa kwanza kukubali alikuwa mwalimu wetu wa hisabati, ambaye sisi tulimwita Kwa Hiyo. Hakuwa na sentensi isiyoanza na maneno hayo, na lililofuata baada ya "kwa hiyo" lilikuwa jibu, ilhali sisi tulikuwa bado kwenye swali. Beti yake ikawa hii:

Akiingia Kwa Hiyo, chaki nyeupe kashika,
Hesabu zaenda mbiyo, ubao ukafutika,
Nasi yadunda mioyo, jibu bado kuandika,
Miaka ni ishirini, walimu twawakumbuka.

Msomaji ataona kwamba "mbio" imegeuka "mbiyo" ili kina kikamilike. Mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyekuwepo siku hiyo, aliinua kidole kwa neno hilo kabla hata beti haijaisha, na ukumbi ukacheka kwa kuwa kidole kilikuwa kile kile cha zamani.

Mtihani wa pili ulikuwa Mzee Nukta, mwalimu wa Kiarabu, ambaye amekwishatangulia mbele ya haki. Alikata alama kwa kila nukta iliyosahauliwa au kuzidishwa, na alikuwa na mfano mmoja aliourudia mwaka baada ya mwaka. Neno rahma likiongezwa nukta moja juu ya herufi ya re, husomeka zahma, msongamano wa watu. Kwa Kiswahili yeye alisema: rehema imekuwa zahama kwa sababu ya tone la wino. Hatukuweza kumwomba ridhaa, basi tulikwenda kwa mjane wake. Alituambia kwamba marehemu alilijua jina hilo tangu mwaka wa kwanza, na nyumbani, akiona chumvi imepungua mchuzini, alikuwa akisema nukta imesahauliwa. Alituruhusu, kwa sharti kwamba baada ya kucheka, watu waombe dua. Sharti hilo lilitutaka tukivunje kibwagizo, na tukakivunja katika beti hiyo peke yake:

Naye Mzee Nukta, ukisahau wazama,
Kosa dogo akikuta, kalamu yake husema,
Tone moja likipita, rehema huwa zahama,
Dua yetu twaileta, Mola ampe rehema.

Msomaji wa shairi alipofika mshororo wa nne, watu waliokuwa wamejiandaa kuitikia kibwagizo walikosa cha kuitikia. Kimya kilipita kidogo, kisha ikasikika amin moja kutoka nyuma, halafu ukumbi mzima. Mwanawe marehemu, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa kubebwa, alikuwa ameketi safu ya mbele.

Jambo lililotushughulisha kuliko yote lilikuwa la mwalimu wa zamu ya usiku. Huyu alikuwa na lakabu mbili. Moja ilitokana na mguu wake wenye maradhi na mwendo wake wa taratibu, nayo ndiyo iliyovuma. Ya pili ilikuwa Tochi, kwa sababu kila usiku alizunguka mabweni na kurunzi, kuangalia nani ana homa, nani hana chandarua, na nani anasoma riwaya chini ya shuka. Mwenzetu mmoja alileta beti iliyojengwa juu ya lakabu ya kwanza. Ilikuwa na vina safi kuliko beti zetu zote, na tulipoisoma tulicheka sote watano. Hapo inafaa kusema jambo ambalo watunzi wanalijua: kina kizuri hushawishi. Neno likishakaa mahali pake na mizani zikatimia, mtu huona kuliondoa ni dhulma kwa shairi, akasahau dhulma kwa mwenye kutajwa. Lakini kwa kauli ile ya Imamu Nawawi, mtu huyu alikuwa anatambulika kwa njia nyingine, tena iliyo njema. Beti ile ikachanwa, na mwenzetu yule yule akaombwa atunge nyingine kwa kurunzi:

Usiku mwanga wa tochi, dirishani ukipita,
Tulojifanya hatuchi, shuka juu tukavuta,
Leo sisi wananchi, mwanga ule twafuata,
Miaka ni ishirini, walimu twawakumbuka.

Ilibaki sehemu ya mitihani. Hapa hatukuhitaji ridhaa ya mwalimu yeyote, kwani wanaochekwa ni sisi wenyewe. Tulikumbuka wasimamizi waliotoka shule nyingine, ambao nyuso zao tulizisoma kwa makini kuliko madaftari. Tulikumbuka bahasha ya mitihani ikifunguliwa mbele yetu, na yule mwenzetu aliyesoma dua ya Nabii Musa ya kukunjuliwa kifua mpaka msimamizi akamwomba apunguze sauti. Tulikumbuka hofu ya kusahau namba ya mtahiniwa, hata mmoja wetu akawa anaamka usiku na kuitaja kama anayetoa shahada.

Twaketi mtihanini, kalamu zatetemeka,
Tulosoma vitabuni, yote yameshayeyuka,
Saa yetu ukutani, kama sungura yaruka,
Miaka ni ishirini, walimu twawakumbuka.

Hata hivyo hofu nayo ina mpaka wake. Katika darasa letu wapo waliopata daraja la kwanza na wapo waliopata sifuri. Mmoja wa hao wa mwisho, ambaye leo ni fundi seremala mwenye vijana sita anaowafundisha kazi, alituuliza kwa simu kama matokeo yatatajwa, kwani kama yatatajwa hatakuja. Tukakubaliana kwamba shairi litaishia pale msimamizi anaposema kalamu chini. Lisiingie ukumbini tangazo la matokeo, wala utani wa madaraja. Ndani ya chumba cha mtihani sote tulitetemeka sawasawa, na kicheko cha hapo ni cha wote. Nje ya mlango ule kila mtu alikwenda njia yake, na kicheko cha huko kingekuwa cha baadhi yetu juu ya wengine. Fundi yule alikuja, na ndiye aliyeitikia kibwagizo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baada ya shairi walimu walipewa nafasi ya kujibu. Kwa Hiyo alisimama, akasema, "Kwa hiyo," akanyamaza, na hakuhitaji kuendelea. Mwalimu Tochi alikuja polepole kwa mkongojo mpaka mezani petu, akaomba nakala. Alipoikunja na kuitia mfukoni, alituuliza kwa sauti ya chini, "Na lile jina langu jingine, mmelisahau?" Hakuna kati yetu aliyejua kwamba alikuwa akilisikia miaka yote ile. Tulimjibu kwamba ndiyo, tumelisahau. Akatabasamu, akasema, "Basi mmefaulu."

Shairi zima limewekwa sasa katika maktaba ya shule, na katika nakala hiyo lakabu zimo tisa kati ya kumi na saba. Zile nane zimebaki katika daftari, na daftari lenyewe tumekubaliana kulichoma.