Mstari Usiochumwa

Ukitaka kujua kama mwandishi anaiamini dini aliyoitunga, usisome ukurasa wa hekalu. Subiri mhusika ajigonge kidole. Nimesoma hadithi kibao zenye miungu saba, makuhani na miezi mitatu angani, halafu shujaa akichomwa mshale anasema "Mungu wangu!" kama mtu aliyeachwa na matatu hapa Chepseon. Dini yote inaanguka hapo hapo.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Mchana naandika vibarua vya watu, usiku naandika riwaya yangu kuhusu nchi isiyokuwepo. Na kuhusu kutunga dini, nimejifunza zaidi kwa wazee wa kwetu kuliko kwa vitabu vya fantasia.

Wakipsigis wa zamani walimwomba Asis, na jua lenyewe waliliita asista. Sasa tazama jua hilo moja lilivyofanya kazi. Mabwaita, madhabahu ya matawi, ilisimama nje ya nyumba upande wa mashariki. Kwa majirani zetu Wanandi, A. C. Hollis aliandika mwaka 1909 kwamba maiti ilipelekwa upande wa magharibi na kuachiwa fisi. Mtoto akizaliwa, majina ya waliokufa yalitajwa moja baada ya jingine mpaka apige chafya, na aliyetajwa wakati huo ndiye aliyerudi. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Ukijua mtu anaelekea wapi asubuhi na anabebwa kwenda wapi akifa, ushajua anaamini nini.

Asis sikumwazima. Nilichoazima ni mbinu: chukua kitu kimoja ambacho watu hawawezi kuishi bila kukitazama, kisha kiulize maswali matatu. Wanaapa vipi kwacho? Wanaomboleza vipi? Wanatumaini nini?

Kwetu siku hizi kitu hicho ni chai, na adui yake ni mvua ya mawe. Dakika chache za alasiri zinatosha kuchanachana majani uliyoyasubiri wiki nzima. Basi katika nchi yangu watu wanaamini kila jiwe la barafu ni kiapo kilichovunjwa kinarudi chini. Mtu akiapa anasema, "Mawe yanishukie." Nilimsomea kogo, nyanya yangu, mstari huo. Akaniuliza, "Huyo akidanganya, mawe yatajuaje shamba lake peke yake?"

Swali hilo lilinipa dini nzima. Mawe hayachagui mpaka wa shamba. Kwa hiyo kiapo cha uongo cha mtu mmoja kinalipiwa na kijiji kizima, na ndiyo maana hakuna anayeapa bila jirani kumshika mkono na kukubali kuwa shahidi. Mapenzi, biashara, kesi ya ng'ombe: kila kitu kikabadilika. Kijana hawezi tu kumwambia msichana "naapa nakupenda." Lazima kwanza atafute jirani atakayekubali kuhatarisha shamba lake kwa ajili ya maneno hayo.

Maombolezo nayo yakatoka shambani. Mtu akifa, mstari wake wa chai hauchumwi mwaka mzima. Mchai usiochumwa haubaki meza ya kijani, unapanda juu na kutoa maua meupe. Mpita njia anaona kutoka barabarani ni nyumba gani imefiwa, na tangu lini. Mwaka ukiisha, wanaupogoa mpaka vibaki vijiti. Miezi miwili mitatu hauna kitu, kisha vichipukizi vinatoka. Ndiyo maana kule hawaambiani "pole." Wanaambiana "vijiti vina macho."

Lakini ibada isiyomgharimu mtu ni pambo tu, na msomaji anaijua haraka. Mishumaa, ngoma, mavazi meupe: vyote vinapita kama harusi ya mtu usiyemjua. Kipimo changu ni hiki: je, yupo mtu ambaye ibada hii inamnyima kitu anachokihitaji leo? Kama hayupo, naifuta.

Kwenye riwaya yangu yupo. Ni mjane mwenye watoto watatu, na mstari wa marehemu ndio ulio karibu na mto, unaozaa kuliko yote. Mwezi wa saba tangu mazishi, karo inadaiwa. Majani yapo pale, mabichi, kilo baada ya kilo. Akichuma, amemzika mumewe mara ya pili. Asipochuma, binti anarudishwa nyumbani.

Nimemwandika akiingia shambani alfajiri na kikapu, ukungu bado umelala. Anamkuta mama mkwe ameshafika, amesimama katikati ya maua. Kwa muda hakuna anayesema. Kisha yule mzee anainua mkono na kuukunja ule mti mrefu mpaka majani yamfikie mkwewe, na kuushikilia hapo.