Mlango Mmoja, Safari Mbili: Kufundisha Sistiki Faibrosisi

Katika kuwafundisha wanachuo osmosisi, nilichagua mfano wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi ambao mtoto huupata akipokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia.

Tulianza na kiazi mbatata kibichi. Tulikikata, tukachimba shimo juu yake, tukatia chumvi. Baada ya muda shimo lilikuwa na maji. Wanachuo wakaandika: chumvi iendako, maji hufuata.

Ndipo tukaingia mapafuni. Seli za njia ya hewa zina vinywele vidogo mno, na juu yake pana tabaka jembamba la maji na ute. Ute hunasa vumbi na vijidudu, navyo vinywele huusukuma kuelekea kooni. Katika utando wa seli hizo mna protini iliyo kama mlango wa kupitishia kloridi, ambayo ni sehemu moja ya chumvi. Kloridi ikitoka, sodiamu huifuata, na maji nayo hufuata.

Protini hiyo imeungwa kwa asidi-amino 1480. Katika kasoro iliyoenea kuliko zote, inakosekana moja tu, ile ya 508. Protini hukunjika vibaya, na sehemu yake kubwa huvunjwa na seli kabla haijafika kwenye utando. Kloridi haitoki, maji hayafuati, ute huwa mzito na kunata. Vinywele hulemewa, na vijidudu hustawi palepale viliponaswa.

Nilikuwa nimetaja pia kwamba ngozi ya mtoto mgonjwa huwa na ladha ya chumvi. Mwanachuo mmoja akauliza: “Mwalimu, ikiwa mlango haupitishi chumvi, mbona jasho linazidi kuwa na chumvi?”

Jibu limo katika kifereji cha jasho. Jasho linapoanza kutengenezwa huwa na chumvi nyingi, karibu kama ile ya majimaji ya damu. Likipita kuelekea kwenye ngozi, mlango uleule huirudisha kloridi mwilini. Mlango ukiharibika, chumvi hubaki ndani ya jasho. Mwaka 1983 mtaalamu Paul Quinton alionyesha kwamba vifereji vya wagonjwa havipitishi kloridi ipasavyo. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1989. Hata leo jasho hupimwa: kloridi ikifika milimoli 60 au zaidi kwa lita, ni dalili kubwa ya ugonjwa huu.

Kiazi, basi, kina mpaka wake. Huonyesha maji yakiifuata chumvi, mlango hakiuonyeshi. Kwa hiyo sasa huchora ubaoni picha mbili sambamba, mapafu na kifereji, kila moja na mshale wa kloridi: mmoja ukitoka katika seli, mwingine ukiingia. Kisha nafuta mlango katika picha zote mbili, na kuwaachia wanachuo waseme wenyewe ni wapi pataathirika kwa kukosa maji, na ni wapi chumvi itabaki.