Namba Tatu Ndo Mimi: Klipu ya Mchezo Tuliyoirekodi Kiuyu

Kuna dada mmoja wa vichekesho, simtaji, na msinibane. Mnamjua. Yule anayeigiza sauti za kina mama wa sokoni mpaka mtu unacheka peke yako kwenye daladala. Kwao upande wa baba ni Kiuyu Mbuyuni, kule Micheweni, na kila Idi anakuja kwa shangazi yake. Idi iliyopita alinipigia simu. "Yakhe, weye unajua kuandika. Niandikie skripti ya dakika tatu, niwaeleze vijana wanaofanya kazi mchezo unavyokwenda na hatari zake. Kila siku naulizwa."

Nikamwambia hiyo rahisi, jioni moja tu. Sikumwambia kitu kimoja, na hicho ndo nimekuja kukisema hapa.

Skripti yangu ya kwanza ilikuwa tamu. Watu kumi, kila mmoja anatia elfu 30 kila mwisho wa mwezi, kila mwezi mmoja anapokea laki 3, miezi kumi duara limefungwa. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna foleni ya benki. Nikaweka fundi cherehani anayenunua mashine na kijana wa bodaboda anayelipia pikipiki. Mwisho nikaandika "chagueni watu waaminifu", basi.

Tulikuwa barazani kwa shangazi yake, mwani umeanikwa mbele ya nyumba. Dada akaisoma yote, akanitazama. "Hili tangazo la biashara. Hatari ziko wapi? 'Waaminifu' maana yake nini? Kila mtu mwaminifu mpaka siku hana."

Shangazi alikuwa pale pembeni anachambua karafuu. Huyu mama amekuwa kijumbe miaka mingi kuliko umri wangu, yaani ndiye anayekusanya pesa za mchezo na kuzikabidhi. Hakusema kitu. Akaingia ndani, akatoka na vikombe kumi vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, akavipanga kwenye mkeka. Kila kikombe akakitia punje kumi za karafuu.

"Punje moja ni mwezi mmoja wako wa kutia," akasema. "Haya, cheza."

Tukacheza. Mwezi wa kwanza kila kikombe kinatoa punje moja, hata cha anayepokea mwenyewe, zote kumi zinaingia kikombe namba moja. Mwezi wa pili zinakwenda namba mbili. Hivyo hivyo mpaka namba tano, hapo akasema simama. Tukahesabu. Vikombe vitano vya mbele vina punje kumi na tano kila kimoja. Vitano vya nyuma vina tano tano.

Wallahi mimi nimecheza mchezo tangu nimalize skuli na sikuwahi kuuona hivyo. Siku zote tunasema "napokea changu". Changu gani? Namba moja akipokea laki 3 mwezi wa kwanza, yeye ametia elfu 30 tu. Laki 2 na elfu 70 zilizobaki amekopeshwa na wenzake tisa, na atazilipa kidogo kidogo miezi tisa. Namba kumi yeye kinyume chake. Hana deni hata siku moja, anakopesha tu, miezi tisa anawatilia wengine ndo apokee. Wote wawili mwisho wanabaki na punje kumi zile zile walizoanza nazo. Hakuna aliyepata faida. Wamepishana wakati tu.

"Sasa niambie," shangazi akauliza, "mchezo ukivunjika leo, pesa ziko wapi?"

Dada akanyoosha kidole kwenye vikombe vya mbele. Punje tano za ziada mara watu watano, ishirini na tano. Kwa elfu 30 ni laki 7 na nusu. Na walio nyuma wamepungukiwa hizo hizo laki 7 na nusu. Hazikupotea baharini, ziko majumbani kwa wenzao.

Halafu akaturudisha nyuma. Mchezo ukivunjika baada ya mwezi wa kwanza, ni punje tisa tu ziko mikononi mwa mtu asiyezilipia. Ukivunjika baada ya mwezi wa tisa, pia tisa, ingawa hapo zote ni za mtu mmoja, namba kumi. Katikati ndo ishirini na tano. Kwa hivyo kundi zima lina hatari kubwa zaidi pale katikati, wakati watu wameshazoeana, hakuna anayefuatilia, na nusu wameshapokea. Sisi wengi huwa na wasiwasi mwezi wa kwanza, tukiona watatu wamepokea salama tunalala.

Hapo dada akanigeukia. "Andika hii. Halafu tafuta mfano wa mtu wa kweli aliyevunja mchezo, tuuigize."

Nikanyamaza kidogo. Mfano nilikuwa nao. Nilikuwa nimeukalia kwenye mkeka ule ule.

Miaka michache nyuma tulicheza watu kumi, elfu 30 hizo hizo, tuna grupu letu la Wasap. Mimi namba tatu. Nikapokea laki 3, nikanunua simu nzuri ya kazi. Nikatia mpaka mwezi wa tano vizuri. Mwezi wa sita kazi ikaisha, mahali nilipokuwa walipunguza watu. Sikutia. Nikaandika kwenye grupu "wiki ijayo inshallah", nikafuta, nikaandika tena.

Punje yangu moja tu ndo iliyokosekana. Namba sita akapokea laki 2 na elfu 70, akanuna lakini akakubali. Kwa hesabu peke yake, mchezo ungeweza kubeba hilo. Kila aliyebaki angepungukiwa elfu 30, basi, unaumia na unaendelea. Lakini mwezi wa saba mwenzangu mwingine aliyekwisha pokea akaandika, "Mbona fulani hatii? Na mimi nasubiri." Namba saba akapata laki 2 na elfu 40. Mwezi wa nane tukawa wanne hatutii, namba nane akapata laki 1 na elfu 80. Mwezi wa tisa grupu likawa kimya. Kijumbe wetu akatoka kwenye grupu, naye ndiye aliyekuwa amepokea mwanzo, namba moja, "kwa sababu ya usumbufu wa kukusanya".

Namba tisa na namba kumi hawakuona hata senti. Kila mmoja alikuwa ameshatia miezi minane, laki 2 na elfu 40. Namba kumi ni dada wa Kiuyu, fundi cherehani, alikuwa anataka mashine ya umeme. Yule fundi niliyemweka kwenye skripti ya kwanza na mashine yake mpya? Ni yeye. Kwenye skripti nilimnunulia.

Nikawaambia pale pale. Dada wa vichekesho hakucheka, kitu cha ajabu kwake. Shangazi akaendelea na karafuu zake, akauliza tu: "Mdhamini wako alikuwa nani?"

Sikuwa na mdhamini. Hakuna aliyekuwa naye.

"Mwanangu, sio weye uliyeuvunja peke yako. Shimo limeonekana. Shimo likionekana kila mtu anaanza kuchimba lake."

Kwake yeye kila anayeingia analeta mtu mmoja wa kumsimamia, na siku ya kutia ukikosa, mdhamini anatia siku ile ile. Anayepokea anapokea kamili, hajui hata nani kakwama. Ugomvi wako na mdhamini mtamaliziana nyumbani kwenu. Mgeni kwenye mchezo anakaa nyuma, hata kama ana shida. Kijumbe hapokei wa kwanza, maana akishapokea hana tena haja ya kuwafukuzia wenzake.

Na kingine, michezo yake ni mifupi. Wanawake wa mwani wanavuna wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, na bamvua huja kila baada ya wiki mbili hivi. Kwa hivyo wanacheza watu watano, kila bamvua mmoja anapokea, wiki kumi umekwisha. Dada akachukua vikombe vitano, akajaribu. Pale hatari inapokuwa kubwa kabisa zinaning'inia punje sita tu, badala ya ishirini na tano. Wakitaka wanaanza mwingine, na aliyesumbua haitwi tena. Sisi wa mishahara tunapenda mchezo mrefu ili donge liwe kubwa, halafu tunashangaa kwamba miezi kumi ni muda wa kutosha mtu kufukuzwa kazi, kuhamia Unguja au kuolewa Dar.

Kulikuwa na mambo mawili tuliyobishana. La kwanza, kuuza namba. Kuna vijana wanampa mwenye namba ya mbele elfu 20 ili wabadilishane. Shangazi hataki kusikia. Kwake mchezo ni kukopeshana bila nyongeza, na ukitoa pesa ili ukopeshwe mapema umeshatia riba. Mtu mwenye shida ya kweli aombe, wenzake wampishe. Tukaliweka kama alivyosema.

La pili, ile michezo ya mtandaoni ya "tia elfu 50 upate laki 4, leta watu wawili". Dada alitaka dakika nzima. Nikamwambia sekunde kumi zinatosha, maana vikombe vinaitoa aibu chenyewe. Kwenye mchezo huwezi kuondoka na punje nyingi kuliko ulizotia zote. Ukiahidiwa zaidi, huo sio mchezo, zinatoka kwa watu ambao hawajaja. Wakubwa zetu wanaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009, watu "wamepanda mbegu" na wanangoja kuvuna. Tukaliacha hapo.

Tulirekodi jioni, jua la nyuma ya minazi, vikombe kumi kwenye mkeka. Dada akaigiza sauti zote kumi. Alipofika namba tatu akaifanya sauti yangu, na ile "wiki ijayo inshallah" ya kufuta na kuandika tena. Kila mtu barazani akacheka isipokuwa mimi.

Klipu ilipotoka, siku ya pili nikapata ujumbe wa sauti kutoka namba nisiyokuwa nayo tena. Nikaijua sauti. Hakutukana. Alisema: "Nimeiona. Kikombe changu mimi kina punje mbili. Nane zangu nakumbuka kila mwezi wake."

Deni langu mimi kwenye ule mchezo ni punje tano, laki 1 na nusu. Zilizobaki ziko kwa wenzangu, na kijumbe wetu simu hapokei. Nikamtumia elfu 30 kwa simu, ndo niliyokuwa nayo wiki ile.

Akajibu neno moja: "Tatu."